Kidonge cha moyo cha watu wazima kwa mtoto wa kilo kumi

Swali: "Shikamoo mfamasia. Mwanangu ana miaka miwili, uzito wake kilo 10. Moyo wake umetanuka na hausukumi damu vizuri. Juzi daktari ameongeza dawa iitwayo kavediloli, vidonge vya miligramu 6.25. Ameniambia nisage kimoja, nichanganye na maji mililita 10, nimpe mililita 0.8 asubuhi na jioni. Karatasi iliyomo kwenye boksi inasema dawa hii haijathibitishwa kwa walio chini ya miaka 18. Daktari anasema watoto wengi wanaitumia. Nimsikilize nani, daktari au karatasi?"

Marahaba mama, na pole kwa kuuguza.

Daktari na karatasi wote wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia jambo lake. Karatasi ile huandikwa na mtengenezaji na kupitishwa na mamlaka ya dawa, na kinachoandikwa humo ni kile tu ambacho mtengenezaji ameweza kukithibitisha mbele ya mamlaka hiyo. Akiwa hana uthibitisho wa watoto, anaandika kama ulivyosoma. Maneno hayo hayana maana kwamba dawa ni sumu kwa mtoto, wala hayamzuii daktari kuiandika. Daktari anapoandika dawa kwa umri au ugonjwa usiomo kwenye karatasi, tunaita matumizi nje ya usajili, na katika wodi za watoto jambo hili ni la kila siku. Dawa nyingi za moyo hazijawahi kutengenezwa kwa ajili ya watoto. Tungezifuata karatasi neno kwa neno, watoto wengi wangebaki bila dawa yoyote.

Hata hivyo usiitupe karatasi hiyo. Kuna dawa zilizoandikwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kuzipima kwa watoto. Kavediloli haimo katika hizo. Yenyewe ilipimwa kwa watoto, tena kwa jaribio zuri, na matokeo yakawa ya kukatisha tamaa. Kwa hiyo swali la kumpelekea daktari ni hili: jaribio lile lilionyesha nini, na mwanangu anafanana na watoto gani kati ya waliokuwamo?

Nianze na watu wazima, maana huko ndiko dawa ilikopata sifa. Kwa mtu mzima mwenye moyo dhaifu, kavediloli ni miongoni mwa dawa zenye ushahidi mkubwa kabisa. Jaribio moja lililotangazwa mwaka 2001 lilikuwa na wagonjwa 2,289 ambao mioyo yao ilikuwa imechoka sana, na waliopewa kavediloli walipungukiwa na hatari ya kufa kwa asilimia 35 wakilinganishwa na waliopewa plasibo, yaani kidonge kinachofanana na dawa lakini ndani hakina dawa. Sababu ni kwamba moyo ukidhoofika, mwili huupigia kelele kwa adrenalini ili uongeze kasi. Kwa siku chache kelele hizo husaidia, lakini zikiendelea kwa miezi huzidi kuuchosha moyo uliokwisha kuchoka. Kavediloli huziba masikio ya moyo, nao unapata nafasi ya kupumua.

Madaktari wa watoto walipoyaona hayo walijiuliza kama kitu kilekile kisingemfaa mtoto. Ni wazo la maana, lakini ni wazo la kukopa, na mkopo huu una masharti mawili. La kwanza, ugonjwa wa mtoto uwe unafanana na wa mtu mzima. La pili, dawa ifike kwenye damu ya mtoto kwa kiwango kinachokaribia kile kilichomsaidia mtu mzima. Sharti moja likivunjika, zile asilimia 35 si za mwanao.

Sharti la kwanza lina mashaka tangu mwanzo. Kwa watu wazima wengi moyo hudhoofika kwa sababu mishipa inayoulisha imeziba na sehemu ya msuli imekufa ikabaki kovu. Kovu halirudi kuwa msuli. Kwa watoto hadithi ni nyingine: wengine virusi vimeushambulia msuli wa moyo, wengine wana hitilafu ya vinasaba, wengine walizaliwa moyo ukiwa haujaumbika sawasawa. Na moyo wa mtoto, hasa ulioumizwa na virusi, una uwezo wa kupona ambao wa mzee wa miaka 65 hauna. Hiyo ni baraka kwa mtoto, lakini kwa anayepima dawa ni mtego, na mtego huo ulinasa watu.

Mwaka 2001 madaktari wa hospitali kadhaa walikusanya taarifa za wagonjwa 46, watoto na vijana, waliokuwa wamepewa kavediloli. Baada ya miezi mitatu, asilimia 67 walikuwa wamepata nafuu. Ukiisoma taarifa ya namna hiyo wakati mwanao anahema kitandani, unaona kama jibu limepatikana. Lakini watoto wote 46 walipewa dawa. Hapakuwa na kundi lililokosa ili tuone lingekuwaje.

Kundi hilo lilipatikana mwaka 2007. Jaribio lilihusisha watoto 161 wa kuanzia umri wa miezi michache hadi miaka 17 katika hospitali 26, wakafuatiliwa miezi minane. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: plasibo, dozi ndogo ya miligramu 0.2 kwa kila kilo mara mbili kwa siku, na dozi kubwa ya miligramu 0.4 kwa kila kilo mara mbili kwa siku. Si wazazi wala madaktari waliojua nani anakunywa nini. Mwishoni, kati ya waliotumia kavediloli asilimia 56 walikuwa na nafuu. Na waliopewa plasibo je? Asilimia 56 vilevile.

Rudi sasa kwenye zile asilimia 67 za mwaka 2001. Si kwamba madaktari wale walidanganya. Waliona watoto wakipona kweli. Ila watoto zaidi ya nusu wangepata nafuu hata bila kavediloli, kwa sababu walikuwa wakitumia dawa nyingine za moyo, kwa sababu walifuatiliwa kwa karibu, na kwa sababu moyo wa mtoto hupona. Ndiyo maana mtu akikwambia "nimewapa watoto thelathini na ishirini wamepona", muulize wangapi wangepona bila kuipata. Asipokuwa na jibu, alichokupa ni kumbukumbu yake njema, na kumbukumbu njema haitoshi kupimia dawa.

Hapa wengine hufunga kitabu na kusema kavediloli haifai kwa watoto. Mimi siendi huko, na nitakueleza kwa nini, maana kusoma jaribio lililokosa jibu ni kugumu kuliko kusoma lililofaulu.

Tazama waliozidiwa badala ya waliopata nafuu. Kwenye plasibo walikuwa asilimia 30, kwenye kavediloli asilimia 24. Kuna tofauti, lakini ni ndogo, na kwa watoto 161 tofauti hiyo inaweza kuletwa na bahati tu. Watafiti wenyewe walikokotoa kwamba matokeo yao yanalingana na dawa inayopunguza uwezekano wa kuzidiwa hadi karibu theluthi moja, na yanalingana vilevile na dawa inayouongeza kwa zaidi ya nusu. Pengo lote hilo likiwa wazi, huwezi kusema dawa inasaidia, na huwezi kusema haisaidii. Jaribio lilikuwa dogo mno kwa kazi liliyopewa. Lilipopangwa, ilitarajiwa kwamba watoto wengi wa kundi la plasibo wangezidiwa, lakini wakapona wengi kuliko matarajio. Mvuvi akitandaza wavu wenye matundu makubwa akakosa dagaa, asiseme ziwa halina dagaa.

Jambo la pili linahusu lile sharti la dozi. Mwaka 2002 watafiti walipima kavediloli katika damu ya watoto na ya watu wazima. Kwa watu wazima nusu ya dawa ilitoka mwilini baada ya saa 5.2 hivi, kwa watoto baada ya saa 2.9. Ini la mtoto wa miaka miwili huichakata dawa hii haraka. Na katika jaribio la 2007 viwango vya dawa kwenye damu ya watoto vilionekana kuwa chini kuliko vya watu wazima, ingawa mapigo ya moyo yalipungua kwa manne hadi sita kwa dakika, ishara kwamba kitu fulani kilikuwa kinafika. Huenda basi kilichopimwa ni dozi pungufu.

Nisiache kusema kwamba mambo hayaendi upande huu sikuzote. Dawa ya klorafenikoli iliwahi kuua watoto wachanga kwa sababu ini la mchanga huishughulikia polepole mno, ikajaa mwilini hadi ngozi ikageuka kijivu. Mtoto wa wiki mbili na mtoto wa miaka miwili ni viumbe viwili tofauti mbele ya dawa. Anayekokotoa dozi kwa kugawanya tu ya mtu mzima kwa uzito anaweza kupunja mmoja na kumzidishia mwingine kwa kanuni ileile.

Jambo la tatu ndilo lenye uzito kwako. Kabla ya jaribio kuanza, watafiti waliwapanga watoto katika makundi kulingana na chumba cha moyo kinachosukuma damu kwenda mwili mzima. Kwa kawaida kazi hiyo ni ya chumba cha kushoto, lakini kuna watoto waliozaliwa na kasoro ambao kwao inafanywa na chumba cha kulia, au wana chumba kimoja tu. Wenye chumba cha kushoto walielekea kunufaika na kavediloli. Wale wengine hawakunufaika, na kwao mwelekeo ulikuwa wa upande mbaya. Kwa kawaida mimi huwa mgumu kuamini matokeo ya vikundi vidogo ndani ya jaribio lililokosa jibu, kwa kuwa ukikatakata takwimu vipande vingi, kimoja lazima kitakupendeza. Hiki nakipa heshima kidogo kwa sababu mgawanyo ulipangwa mapema, na kwa sababu una mantiki: chumba cha kulia hakikuumbwa kwa kazi hiyo, na hakuna ushahidi wa watu wazima unaokizungumzia. Mwaka 2010 jambo la jinsi hiyo lilitokea kwa enalaprili, dawa nyingine inayosifika kwa watu wazima. Ilijaribiwa kwa watoto wachanga 230 wenye chumba kimoja cha kusukuma damu, na haikuboresha ukuaji wao wala kazi ya moyo. Mkopo ulikwama kwenye sharti la kwanza.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa daktari liwe hili: "Chumba kinachosukuma damu kwenda mwilini kwa mwanangu ni cha kushoto?" Kwa maelezo yako ya moyo kutanuka, huenda jibu ni ndiyo. Ikiwa ni hivyo, na kama tayari anatumia dawa za msingi na hali yake imetulia, mimi nikiwa kwenye kiti cha daktari wako ningeweza kuandika kavediloli pia. Ningekwambia wazi kwamba ushahidi wake ni wa kuazima na ni dhaifu, lakini haukukosa mantiki, na kwamba nitaiongeza polepole. Ikiwa jibu ni hapana, omba akueleze kwa nini ameichagua, na usione haya kuuliza mara mbili.

Sasa kikombe chako cha kuchanganyia dawa, na hapa ndipo nina wasiwasi zaidi kuliko kwenye karatasi.

Hesabu ya daktari ni sahihi. Miligramu 6.25 ndani ya mililita 10 ni miligramu 0.625 kwa kila mililita, na mililita 0.8 ni miligramu 0.5. Kwa kilo 10 hiyo ni miligramu 0.05 kwa kilo, dozi ya kuanzia inayotumika kwa watoto. Kwa kawaida huongezwa maradufu kila baada ya wiki mbili au zaidi mtoto akiivumilia. Kwa mwanao ingekuwa 0.5, kisha 1, kisha 2, mpaka karibu 3.5, kila moja mara mbili kwa siku.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo inaamini dawa imeyeyuka. Kavediloli haiyeyuki kwenye maji, isipokuwa kidogo sana. Unachokiona kikombeni ni unga unaoelea, na ukikiacha muda mfupi unatua chini. Ukichota juu unampa mtoto maji yenye dawa kidogo. Ukichota chini unaweza kumpa dozi mara kadhaa ya iliyoandikwa. Kinadharia, unga wote ukiingia kwenye sirinji moja, mtoto atakuwa amepata miligramu 6.25 badala ya 0.5, zaidi ya mara kumi na mbili.

Niliwahi kumhudumia mtoto aliyekuwa akipewa dawa ya namna hii na baba yake, mtu makini kupita kiasi. Alikuwa akisaga asubuhi, anachota dozi, anafunika kikombe, jioni anachota tena bila kukitikisa ili "asichafue maji". Mtoto alikaa wiki sita bila mabadiliko yoyote, si ya nafuu wala ya madhara, na kila ziara dozi iliongezwa kwenye karatasi. Kisha hospitali ikamtengenezea dawa ya maji iliyochanganywa vizuri, kwa kipimo kilekile kilichoandikwa. Siku ya pili mtoto alilegea na mapigo yakashuka. Hakuna aliyekuwa ameongeza dozi. Ila kwa wiki zote sita alikuwa hajaipata, na siku ile ndiyo alipoipata yote kwa mara ya kwanza. Tulilazimika kurudi mwanzo wa ngazi. Kumbuka hili: kubadilisha namna dawa inavyotengenezwa ni sawa na kubadilisha dozi, hata kama namba ni ileile.

Kilicho bora ni mfamasia kukutengenezea mchanganyiko wa maji mazito unaoushikilia unga usizame, kwa kufuata fomula ambayo imepimwa kuonyesha dawa inabaki na nguvu kwa siku ngapi. Muulize maswali mawili tu: ni miligramu ngapi kwa kila mililita, na itaisha lini. Yote mawili yaandikwe kwenye chupa. Tuseme ametengeneza ya miligramu 1 kwa mililita, basi dozi ya 0.5 itakuwa mililita 0.5. Tazama jinsi namba ilivyobadilika kutoka 0.8 uliyoizoea. Kila unapochukua chupa mpya, soma nguvu yake upya kabla hujavuta sirinji, na hakikisha imeandikwa 0.5 yenye sifuri mbele. Nukta pweke bila sifuri huonekana kama vumbi, na 5 badala ya 0.5 ni kosa la mara kumi ambalo nimelikamata zaidi ya mara moja.

Kama mchanganyiko huo haupatikani, uliza kama mfamasia anaweza kusaga vidonge vingi pamoja, kuvichanganya na unga usio na dawa, na kuvipima kwa mizani katika vifuko, kila kifuko dozi moja. Ni kazi ya zamani lakini inafaa, kwa sababu unampa mtoto kifuko kizima bila kukisia.

Ikishindikana hiyo nayo, basi fanya ya kikombe kwa namna iliyo na hatari ndogo. Chukua sirinji ya kunyweshea ya mililita 20, isiyo ya sindano. Toa kijiti cha kusukumia, tia kidonge ndani, rudisha kijiti, vuta maji hadi mililita 10 na hewa kidogo ya kutikisia. Ziba mdomo wake, iache dakika chache kidonge kisambaratike, kisha tikisa kwa nguvu. Papo hapo, bila kuiweka mezani, hamishia kiasi ulichoandikiwa kwenye sirinji ndogo ya mililita 1, ambayo mistari yake inasomeka vizuri kwenye 0.8. Mpe. Kilichobaki mwaga, na jioni tumia kidonge kipya. Najua unatupa dawa nyingi kuliko unayompa, na inauma. Lakini kilichobaki kimetua, na huwezi tena kujua kina nini. Kukata kidonge robo hakutakusaidia pia: robo ya kidonge kidogo kabisa, cha 3.125, ni karibu miligramu 0.8, yaani umezidisha dozi ya kuanzia kwa zaidi ya nusu hata kama kisu chako kimekata sawa, na kwa kawaida hakikati sawa.

Hakikisha pia ni vidonge vya kawaida. Kuna vidonge au kapsuli za kavediloli zilizotengenezwa kutoa dawa polepole kwa siku nzima. Hizo ukizisaga umeachia dozi ya siku nzima kwa mkupuo.

Mpe pamoja na chakula, au mara tu baada ya kula. Chakula hupunguza kasi ya dawa kuingia kwenye damu, na shinikizo la damu halishuki ghafla. Usichanganye dozi kwenye chupa nzima ya maziwa, maana akiacha nusu hutajua ameacha nusu ya dawa au yote.

Mwisho ni kuangalia, na hapa usisubiri tarehe ya kliniki. Muombe daktari namba moja: mapigo mangapi kwa dakika, mtoto akiwa amelala, yakishuka chini yake usimpe dozi na upige simu. Namba hiyo ni ya mwanao tu, usiichukue kwa mtoto wa jirani. Katika wiki za kwanza, na kila dozi inapopandishwa, moyo unaweza kuzidiwa kabla haujapata nafuu. Utaona anahema haraka, uzito unapanda kwa siku chache, anavimba, au anachoka kabla hajamaliza kunyonya au kula. Mtoto ambaye kifua chake hupiga filimbi anapohema au mwenye pumu asianzishwe dawa hii bila daktari kulijua hilo, kwa sababu inaweza kubana njia za hewa.

Hatari ambayo wazazi hawaambiwi vya kutosha ni sukari kushuka. Kavediloli inaweza kuishusha kwa mtoto asiyekula, na wakati huohuo inaficha dalili ambazo zingekuonya, yaani moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka. Kinachobaki ni jasho, na mtoto wa moyo hutoka jasho hata siku njema. Kwa hiyo usitegemee dalili, tegemea chakula. Siku anayotapika, anaharisha au amegoma kula, mpigie daktari kabla ya kumpa dozi inayofuata. Akiwa amelegea, haamki vizuri au anajikunja kwa degedege, huyo ni wa kupelekwa hospitali saa hiyohiyo. Lakini usiisimamishe dawa ghafla kwa uamuzi wako baada ya kuizoea kwa wiki kadhaa, kwa sababu moyo uliokuwa umezibwa masikio hupokea kelele zote kwa pamoja.

Kama anatumia digoksini, dawa nyingine ya moyo, mtajie daktari jina lake waziwazi. Kavediloli huongeza digoksini kwenye damu. Kwa watu wazima ongezeko ni kama asilimia 15, lakini kwa watoto limeonekana kuwa kubwa zaidi, kwa hiyo daktari anaweza kuhitaji kupunguza digoksini na kupima kiwango chake. Kutapika na kukataa chakula kwa mtoto wa digoksini si jambo la kusema ni meno.

Kuhusu kujua kama dawa inamfaa, elewaneni na daktari mapema mtapima nini na lini: picha ya moyo baada ya miezi kadhaa kwenye dozi kamili, uzito wake, na jinsi anavyocheza. Andikeni. Akipata nafuu tutafurahi wote, lakini ukumbuke zile asilimia 56 za plasibo na usiipe kavediloli sifa zote. Asipopata nafuu, au madhara yakiwa mengi kuliko faida, kuipunguza polepole hadi kuiacha ni uamuzi halali, na daktari mzuri hatauona kama umemshinda.

Kesho ukienda, chukua boksi la vidonge, karatasi yake na sirinji unayotumia. Umwombe mfamasia wa hospitali achote dozi mbele yako, kisha wewe uchote mbele yake.